Kiwanda Kimoja, Hesabu Moja

Chukueni mfano wa kiwanda cha sabuni. Mwezi ni Septemba. Watu wa mauzo wanakisia kuwa Desemba watauza katoni 10,000. Mitambo ina uwezo wa katoni 8,000. Mweka hazina naye anataka fedha za katoni 12,000. Mkutano wa kila mwezi umewekwa ili hesabu hizi tatu zikutane, itoke moja.

Lakini mara nyingi hutokea hila. Mkubwa akikunja uso, watu wa mauzo hufuta 10,000 wakaandika 12,000. Malighafi ya katoni 12,000 hununuliwa, mitambo haipiti 8,000, na mafuta ya katoni 4,000 hulala bohari pamoja na fedha yake. Je, hayo ni makisio? Hasha! Ni matakwa.

Dalili yake ni wazi. Linganisheni makisio ya miezi sita na mauzo yenyewe. Yakizidi kila mwezi, hiyo si bahati mbaya, yamepindwa.

Njia ya haki ni hii. Kwanza mahitaji yakisiwe bila kutazama lengo la fedha. Kisha kiwanda kiseme: kwa saa za ziada kitaongeza 1,000, na 1,000 nyingine zitatoka akiba ya bohari. Zimetimia 10,000. Mwisho mweka hazina ahesabu gharama ya saa hizo, na upungufu wa 2,000 uandikwe waziwazi, ili wakubwa waamue: watafute wateja wapya, au washushe lengo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.