Sikukuomba Dawa, Nilikuomba Sikio

Wacha niwaudhi mapema: rafiki yako akikumwagia ushauri wakati wewe unatoa dukuduku tu, mara nyingi kosa ni lako. Hukumwambia.

Mimi mwenyewe nilikosea hivyo mwezi wa tano. Mvua, wageni hakuna, na hoteli moja huku Malindi ikatuambia sisi vijana wa mkataba turudi nyumbani hadi msimu ufunguke. Nikampigia beshte yangu wa Kilifi. Sijafika mbali, ashaanza: "Tuma sivii Diani. Kwani hukuweka akiba? Si uuze hata viazi karai?"

Jamani, sivii nilikuwa nishatuma asubuhi ile! Nilitaka tu mtu ajue nilivyoona haya kurudi kwa mamangu na begi mkononi. Nikakata simu, wiki mbili simsemeshi. Yeye maskini hajui hata kosa lake.

Na nyinyi wa "rafiki wa kweli atajua tu", atajuaje? Tumelelewa kwamba mtu akilia unamtafutia dawa. Pole tupu inaonekana kama uchoyo.

Lakini kusikiliza tu nako ni kazi. Kasisi Chad Varah alianzisha huduma ya simu London mwaka 1953, kwa watu waliofikiria kujiua. Waliokuja kumwona walisubiri na watu wa kujitolea, wakipewa chai na kusikilizwa. Wengi walipomaliza kuongea hawakuhitaji tena kumwona yeye. Mwaka uliofuata akawaachia wale wa chai kazi ya kusikiliza. Hawakuwa madaktari.

Kwa hivyo sema, na useme mwanzo. Ukituma voisi ya dakika sita halafu mwishoni ndio useme "sitaki ushauri", ushachelewa, mwenzako ashapanga majibu kichwani. Sema hivi: "Nipe dakika kumi nitoe ya moyoni. Usinitafutie suluhisho, nikilitaka nitakuuliza. Uko sawa sasa hivi?" Hilo swali la mwisho usiliruke, huenda naye ana yake.

Akiteleza, mrudishe polepole. Jihadhari na ushauri uliovaa buibui la swali: "Kwani hujajaribu…?" Huo ni ushauri tu. Swali la kusikiliza ni "ikawaje?"

Ruhusa hii ina mipaka, lakini. Ukimletea kisa kilekile mara ya tano bila kubadilika kitu, ana haki ya kukuambia basi. Na ukitaja kujiua, au kwamba kuna mtu anakupiga, asikae kimya eti uliomba sikio. Atafute msaada.

Baada ya zile wiki mbili nilimpigia tena, nikasema maneno yale yale. Akacheka kwanza, "Haya, nimefunga mdomo." Nikamweleza yote, hadi mamangu alivyonipokea mlangoni bila kuuliza kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ni lile begi la buluu?"

Nikalia hapo hapo.