Limiti ya Fuliza si Akiba
Wasee, tuache kudanganyana. Mtu ana limiti ya Fuliza ya elfu kumi, halafu anasema amejipanga kwa dharura. Hilo ni deni linakungoja tu. Ukiligusa, ada inahesabiwa kila siku, na pesa ya kwanza kuingia M-Pesa inalipa deni kabla hujanunua hata unga.

Akiba ya dharura ni pesa yako mwenyewe, ya kukushikilia kazi ikikatika ama mtu wa nyumbani akilazwa. (Krisi si dharura, ilikuwa kwa kalenda mwaka mzima.)

Na usiipime kwa mshahara, ipime kwa matumizi. Chukua nyumba ya watu watatu: kodi 8,000, chakula 10,000, nauli 4,000, stima, maji na gesi 3,000. Hiyo ni 25,000 kwa mwezi. Mwenye mshahara aweke ya miezi mitatu, 75,000. Wa boda ama mjengo, ambaye wiki nzima inaweza kupita bila kitu, aweke ya miezi sita, 150,000.

Najua ushaguna. Sawa, anza na ya mwezi mmoja. Lakini usiifungie kwenye akiba za sako, maana hizo kwa kawaida huzipati hadi utoke uanachama, na notisi ni siku 60. Weka mahali inatoka leo ama kesho.