Karatasi na simu zikitofautiana, ipi inalipa?

Barua ya meneja anayewataka mafundi wake waache karatasi za kazi na kutumia programu ya simu ina adabu, na ahadi kwamba hakuna mzee atakayepunguzwa kwa sababu ya simu ni nzuri. Lakini sisi mafundi wa jenereta hatuogopi kubonyeza. Pesa tunatumiana kwa simu kila siku. Tunachoogopa ni saa. Kwenye karatasi ya kazi naandika mwenyewe: nimeanza saa nne, nimemaliza saa nane, mteja anasaini, nakala moja anabaki nayo. Kwenye programu, ukimalizia kazi chini ya jengo ambako hakuna mtandao, taarifa inakaa ndani ya simu mpaka utoke. Mfumo ukihesabu saa ya kupokelewa badala ya saa uliyobonyeza "Imekamilika", kazi iliyoisha saa nane itaonekana imeisha saa kumi na moja. Kazini kwetu jambo hilo liligundulika kwa sababu mwezi wa kwanza karatasi ziliendelea kujazwa sambamba, mhasibu akalinganisha. Basi meneja aandike wazi karatasi zitaendelea hadi lini, na zikipingana na simu, malipo yatafuata ipi.