Sarafu za kidijiti: bei uliyoonyeshwa si bei uliyolipa

Wakulima wa vitunguu wa Singida wanaijua vyema lumbesa. Mnunuzi hutaja bei nzuri ya gunia, kisha gunia hujazwa na kushonwa kilemba juu yake. Bei haikudanganya, kipimo ndicho kilichobadilika. Na anayetaka kuujua ukweli hugawanya fedha alizopokea kwa kilo alizotoa. Hesabu hiyo hiyo ndiyo tunayowaomba wazazi na vijana waifanye kabla ya kununua sarafu za kidijiti kwa kadi ya benki au kwa fedha za simu.

Wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana kuhusu hukumu ya sarafu hizi, na safu hii haikusudii kuamua baina yao. Tunachokizungumza hapa ni bei, ambayo mnunuzi anapaswa kuijua kabla hajaridhia.

Tuchukue sarafu iitwayo USDT, iliyoundwa ili thamani yake ilingane na dola moja ya Marekani. Kwa wepesi wa hesabu, tuseme dola ni shilingi 2,500, na kijana ana shilingi 100,000. Kichwani mwake anatarajia USDT 40. Fedha yake, hata hivyo, itapita milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni ada ya jukwaa, yaani ya kampuni inayomuuzia. Tuseme kwa malipo ya kadi inakata asilimia 4. Shilingi 4,000 zimeondoka, zimebaki 96,000.

Mlango wa pili ni pengo la bei. Kama lilivyo duka la kubadilishia fedha, jukwaa huuza kwa bei ya juu na kununua kwa bei ya chini. Likimuuzia USDT moja kwa shilingi 2,600, atapata 36.92. Mlango huu ndio uliofichika zaidi, kwa kuwa hauitwi ada. Tangazo linaweza kusema “bila ada” na likawa kweli, ilhali faida yote imo ndani ya bei. Ndivyo ilivyo pia kwa anayenunua kwa mtu binafsi na kumtumia fedha kwa simu: muuzaji hupanga bei yake, na gharama ya kutuma fedha huwa juu ya mnunuzi.

Mlango wa tatu ni ada ya mtandao. Hapa hatukusudii kampuni ya simu, bali mfumo wa kompyuta unaoandika kila muamala wa sarafu. Ada hii hukatwa mtu anapoitoa sarafu kwenye jukwaa kwenda kwenye pochi yake. Tuseme ni USDT 1. Kijana anabaki na 35.92.

Sasa tugawanye kama tunavyogawanya kwa kilo: shilingi 100,000 kwa 35.92 ni takriban 2,784. Hiyo ndiyo bei aliyolipa, si 2,500 wala 2,600. Alichonacho kina thamani ya shilingi 89,800. Zaidi ya shilingi 10,000 zimekwisha, na soko halijashuka hata senti moja. Akitaka kuuza siku ileile, atalipa tena USDT 1 kuirudisha kwenye jukwaa, na likinunua kwa 2,400 atapata shilingi 83,808. Aidha, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ilianzisha kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti.

Mwenye fedha kidogo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ada ya mtandao haiangalii ukubwa wa kiasi. Kwa shilingi 20,000 na masharti yaleyale, mtu angebaki na USDT 6.38, zenye thamani ya shilingi 15,950. Sehemu ya tano ya fedha yake imekwenda.

Wengine huikimbia ada hii kwa kuchagua mtandao wa bei nafuu. Ni jambo jema, ila mtandao uliochaguliwa lazima uwe ule unaokubaliwa na pochi inayopokea. Anwani ya TRC20 huanza na herufi T. Ya ERC20 huanza na 0x. Sarafu iliyopelekwa kwenye mtandao usiokubaliwa yaweza isipatikane tena, wala hakuna wakala wa kuirejesha. Ikumbukwe kuwa Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, kijana aandike namba mbili tu kwenye karatasi: shilingi zote zitakazotoka mkononi mwake, pamoja na gharama ya kutuma, na sarafu zitakazofika kwenye pochi baada ya makato yote. Agawanye, kisha alinganishe na bei ya dola iliyotangazwa na Benki Kuu siku hiyo. Jukwaa lisiloonyesha namba ya pili kabla ya malipo halijamtajia bei, na ni bora asilipe.