Mashine Haikula Elfu Mbili, Video Yangu Ndiyo Iliyozila

Ndugu zangu, leo naandika kuhusu kosa langu mwenyewe. Naliandika kwa sababu naona wengi wetu tunalirudia, na hata ndugu zetu wa mashirika wanalirudia kila wanapotutumia video za mafunzo.

Mwaka jana nilitengeneza video ya kumfundisha mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba namna ya kujumlisha michango kwenye LibreOffice Calc. Kikundi kina watu 12. Wiki ile 11 walitoa shilingi 200 kila mmoja, na mmoja akatoa 150. Michango imeandikwa kuanzia seli C2 mpaka C13. Kompyuta ya kikundi imewekwa Kifaransa, kwa hiyo fomula ni hii:

```
=SOMME(C2:C13)
```

Mama akaitazama video kwenye simu yake, akaelewa, akaenda kwenye kompyuta na kuandika hivi:

```
=SOMME(C2;C13)
```

Umeona tofauti? Badala ya nukta mbili ameweka nukta na mkato. Nukta mbili inasema "toka hapa mpaka pale." Nukta na mkato, kwenye kompyuta ya Kifaransa, inasema "hii na ile tu." Kwa hiyo Calc ikajumlisha 200 na 150, ikatoa 350. Haikulalamika, haikuonyesha kosa lolote, maana kwa upande wake hakuna kosa. Kwenye sanduku kulikuwa na 2,350. Mama akanipigia: "Mwanangu, mashine yako imekula elfu mbili zetu." Siku hiyohiyo akarudi kwenye daftari.

Kwanza nilijitetea. Nilisema mbona kwenye video nimeandika sawasawa? Halafu nikachukua simu yake, nikaitazama video yangu jinsi yeye alivyoitazama, simu ikiwa imesimama wima, nje, mchana. Tuseme ukweli, hata mimi niliyeiandika ile fomula sikuiona.

Hesabu yake ni rahisi. Skrini ya laptopu ya inchi 15.6 ina upana wa sentimita 34 na nusu hivi. Simu ya kawaida ikiwa wima ina upana wa kama sentimita 7. Video inapunguzwa karibu mara 5. Herufi yenye urefu wa milimita 3 kwenye laptopu inabaki na milimita 0.6 kwenye simu. Nukta mbili ndani ya herufi hiyo ni vumbi tu. Na WhatsApp ikishaibana video ili iwe nyepesi, hata hilo vumbi linafutika.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: video ya mafunzo ya kompyuta haijaisha inapopendeza kwenye laptopu ya aliyeitengeneza. Imeisha pale mwenye simu ndogo anapoweza kufanya hatua ile peke yake bila kubahatisha. Kukuza picha, kuangaza kishale na sauti safi si mapambo. Ni njia tatu za kusema neno moja, "tazama hapa," na lazima zote zielekeze mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Nilipoirudia ile video, nilianza na sauti. Wengi wetu tunarekodi skrini huku tunaongea, mkono unatafuta kitufe, mdomo unasema "eee, sasa, subiri kidogo." Mara hii niliandika maneno yote kwenye karatasi, nikayasoma usiku baada ya upepo kutulia juu ya mabati. Sikutumia maikrofoni ya laptopu, maana inakaa karibu na feni na inachukua ule mngurumo. Nilitumia simu, nikaishika umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige moja kwa moja. Blanketi nililitundika mbele yangu ili sauti isirudi kutoka ukutani. Nikikosea, nanyamaza sekunde mbili, kisha narudia sentensi nzima, si neno moja. Kukata sentensi nzima ni rahisi, lakini neno lililobandikwa katikati linasikika.

Kabla ya kuanza kusoma nilirekodi sekunde 10 za ukimya. Hizo ndizo zinazoifundisha programu ya Audacity kelele ya chumba ikoje. Unazichagua, unafungua `Noise Reduction`, unabofya `Get Noise Profile`, kisha unachagua sauti yote na kuisafisha. Ila usiwe na tamaa hapa. Ukiondoa kelele kupita kiasi, sauti inakuwa kama mtu anaongea ndani ya mtungi wa maji. Bora mngurumo kidogo kuliko neno lisiloeleweka.

Na maneno yenyewe niliyabadilisha. Mwanzoni nilisema tu "andika fomula hii." Sasa nikasema: "Baada ya C2 weka nukta mbili, moja juu ya nyingine. Isiwe ile yenye mkia chini." Mtu akishindwa kuona, sikio limsaidie.

Sauti ikawa tayari. Nikavaa spika za masikioni, nikaicheza, na kurekodi skrini kwa OBS Studio nikifuata sauti yangu mwenyewe. Hapo mkono unatulia, kwa sababu huongei tena. Niliacha faili zihifadhiwe kwa mfumo wa `mkv`. Umeme ukikatika katikati, faili ya `mkv` inabaki na kile ulichokwisha rekodi, wakati `mp4` ya kawaida inaweza isifunguke kabisa. Ukimaliza, ndani ya OBS kuna `Remux Recordings` inayoigeuza kuwa `mp4` kwa muda mfupi sana.

Sasa kishale. Mshale mweupe juu ya jedwali jeupe ni sawa na mbuzi mweupe kwenye ukungu. Kwenye Windows nilitumia PowerToys, programu ya bure ya Microsoft. Ina kitu kinaitwa `Mouse Highlighter`: unabonyeza Windows, Shift na H kwa pamoja, na kila ukibofya duara la rangi linatokea. Hapa nilipoteza jioni nzima. Duara nililiona kwa macho yangu, lakini kwenye rekodi halipo! Sababu ni kwamba OBS niliiweka kwenye `Window Capture`, yaani inachukua dirisha la Calc peke yake, na lile duara linachorwa juu ya skrini, si ndani ya dirisha. Nikabadilisha kuwa `Display Capture`, likatokea. Kwa hiyo rekodi sekunde 10 za majaribio, uzitazame, ndipo uanze kazi.

Lakini `Display Capture` inachukua kila kitu kilichopo kwenye skrini. Ujumbe ukiingia pembeni, na jina la mtu na maneno yake, nao umo. Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Zima taarifa zote kwanza, funga WhatsApp na barua pepe, na kwenye jedwali weka majina ya kubuni. Kamwe usirekodi orodha halisi ya wanachama na namba zao.

Duara peke yake halitoshi kama mkono hautulii. Kuna watu wanazungusha kishale huku na huku kama wanafukuza nzi. Mtazamaji anakifuata, hajui kipi ni muhimu. Mimi najilazimisha hivi: kishale kinaenda mahali, kinasimama, sauti inasema jina la mahali hapo, ndipo nabofya. Kisha nakiacha kipumzike.

Mwisho ni kukuza picha. Nilirekodi kwa pikseli 1920 kwa 1080, lakini video ya mwisho nikaitoa kwa 1280 kwa 720, ambayo haili bando sana. Gawanya 1920 kwa 1280, unapata 1.5. Maana yake unaweza kukuza hadi karibu asilimia 150 bila picha kupoteza ukali. Ukizidisha hapo, inaanza kuwa na ukungu. Kama bado herufi ni ndogo, dawa si kuzidi kukuza video. Kuza jedwali lenyewe ndani ya Calc kabla ya kurekodi, kwa kushika Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya. Na upau wa fomula hauongezeki kwa njia hiyo, kwa hiyo andika fomula ndani ya seli yenyewe, si kule juu.

Kwenye Kdenlive niliweka athari ya `Transform`, ambayo inaendeshwa na alama ndogo zinazoitwa `keyframe`. Kosa la kila anayeanza ni kuweka alama mbili tu, mwanzo na mwisho. Matokeo yake picha inatambaa polepole muda wote, mtu anahisi kizunguzungu. Zinatakiwa nne. Mimi niliweka hivi: sekunde ya 40 picha iko kamili, ya 41 iko asilimia 150, ya 49 bado iko 150, ya 50 imerudi kamili. Yaani sekunde moja ya kuingia, nane za kukaa, moja ya kutoka. Katika hizo nane mtu anaisoma fomula mara mbili bila haraka. Na ile ya kutoka usiikate, kwa sababu ndiyo inamwonyesha mtu yuko wapi kwenye jedwali.

Video nzima ina dakika 4, na nimekuza mara tatu tu: fomula, jibu, na mahali pa kuhifadhi. Ukikuza kila kitu, hujakuza kitu.

Najua kuna watakaosema hii kazi ni nyingi kwa dakika 4. Ni kweli, ilinichukua jioni tatu. Lakini ile ya kwanza ilinichukua nusu saa, na kikundi kilipoteza imani na kompyuta kwa miezi. Kipi ni ghali?

Ndugu zetu wa mashirika, nanyi nawaomba jambo moja. Mnapotutumia rekodi ya mkutano ya saa nzima, yenye skrini iliyojaa menyu na sauti inayorudi kutoka ukutani, kisha mnashangaa kwa nini tunajaza fomu vibaya, msituulize kwanza kama tumesoma. Chukueni simu ya bei ndogo, mkasimame nayo juani, mkaitazame hiyo video mpaka mwisho. Mkiweza kuifuata, itumeni.

Mama ameitazama video mpya, simu ikiwa wima vilevile. Aliisimamisha pale kwenye fomula, akaweka kidole juu ya zile nukta. "Kumbe ziko mbili," akasema. Akaandika. Ikatoka 2350.

Bado anaweka daftari pembeni, na sijamkataza.