Kabla ya kusema nyota zetu zilijuana, uliza mama saa

Kijana mmoja wa Mudzipela amekwisha toa nusu ya mahari, na sasa anataka kuacha mchumba. Anasema alikutana na binti mwingine sokoni na wakajuana papo hapo, kama watu waliolelewa pamoja. Telefone yake imemthibitishia: Zuhura ya huyo binti imekaa juu ya asendanti yake.

Asendanti ni ile nukta ya nyota inayochomoza mashariki dakika unapozaliwa. Wanajimu wanaisoma kama uso wako. Inayozama magharibi ni desendanti, mahali pa mwenzako wa ndoa. Iliyo katikati ya anga ni kazi na jina lako mbele ya watu. Nyota ya mtu mwingine ikiangukia hapo, wanasema mtatambuana mara moja.

Shida ni kwamba nukta hizo hazingojei. Kila dakika 4 zinasogea karibu digrii 1. Jua linahitaji siku nzima kwa mwendo huo.

Kijana huyu alizaliwa hapa Bunia, tarehe 21 Machi. Mama yake alimwambia "saa mbili ya asubuhi", naye akaandika 2:00. Lakini saa mbili yetu ni 8:00! Hayo ni masaa 6 ya tofauti, robo nzima ya mzunguko wa anga. Saa 2:00 asendanti iko mwisho wa Mbuzi. Saa 8:00 iko mwanzo wa Ng'ombe, na mwisho wa Mbuzi umefika katikati ya anga. Kwa hiyo Zuhura ya binti wa sokoni haikugusa uso wake hata kidogo, iligusa mahali pa kazi. Na mchumba wake, mwenye Jua mwanzo wa Nge? Huyo ndiye aliye juu ya desendanti, mahali pa ndoa.

Je, hiyo sasa ni sababu ya kumwoa? Hapana, nasi tuhesabu. Tukiruhusu digrii 3 kila upande, nukta tatu zinachukua digrii 18 kati ya 360, yaani sehemu 1 ya 20. Kila mtu ana nyota 10, na wawili wana 20. Kwa wastani, watu wawili wowote, hata dereva wa moto na abiria wake, watapata mgusano mmoja kwa bahati tu.

Maoni yangu ni haya: anayependa unajimu atafute kwanza saa iliyoandikwa materniti, maana kosa la dakika 20 tu linasogeza asendanti digrii 5 na mgusano unapotea. Na familia zisikubali kurudisha mahari kwa ajili ya alama inayopatikana kwa kila abiria. Yule mchumba amesubiri miaka miwili. Hilo halihitaji telefone kulihesabu.