Kolesteroli Isimzuie Mtu wa Namtumbo Kupata Dawa ya Moyo

Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge mseto vya kukinga moyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Ni kidonge kimoja cha kila siku, ambacho kwa kawaida huwa na statini ya kupunguza kolesteroli pamoja na dawa moja au zaidi za presha, na aina nyingine huongezewa aspirini. Dawa zote hizo ni za zamani na hakuna tena kampuni inayozimiliki peke yake, kwa hiyo kidonge kinaweza kutengenezwa kwa bei ndogo. Maombi ya kukiorodhesha yalikuwa yamekataliwa mara kadhaa kabla ya hapo. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi na ulichelewa sana. Kinachoniudhi ni jibu linalotolewa kila kidonge hiki kinapotajwa kwa ajili ya zahanati zetu: kwamba mgonjwa hawezi kupewa statini kabla ya kupimwa kolesteroli, na hawezi kupewa dawa kadhaa za presha kwa pamoja kabla ya kujaribiwa moja moja. Jibu hilo lina sauti ya kitaalamu, lakini kwa mkazi wa kijijini Ruvuma maana yake ni kwamba dawa hataipata.

Tumfuate mgonjwa mmoja wa mfano. Ni mkulima wa tumbaku wa miaka 60 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Namtumbo. Anavuta sigara, na presha yake kwenye zahanati imesoma 164 kwa 98. Anaambiwa arudi apimwe tena ili kuhakikisha. Akirudi, anaanzishiwa dawa moja, na baada ya mwezi presha imeshuka hadi 152, kiasi ambacho hakitoshi, hivyo anaongezewa ya pili. Kwa ajili ya kolesteroli anatakiwa apande gari mpaka maabara ya Songea mjini, safari ya kilomita 70 hivi, kisha asubiri majibu na ayarudishe kwa aliyemtuma. Amefikisha mahudhurio matano na bado hajameza statini hata moja. Kila hudhurio linamgharimu nauli na siku ya shamba, na msimu wa kupanda haumsubiri. Hata akivumilia yote, atatoka na vidonge vya aina tatu au nne, na kila aina inaweza kukosekana kwa wakati wake. Wagonjwa wa namna hii hupotea katikati ya ngazi hizo, nao hawaandikwi popote kuwa tiba imewashinda. Hurudi hospitalini siku mdomo umepinda na mkono mmoja umekufa ganzi.

Sasa tuulize kipimo hicho cha kolesteroli kingebadilisha nini. Statini haitolewi kwa sababu namba ya kolesteroli imevuka mstari fulani. Inatolewa kwa sababu mtu ana hatari kubwa ya kupata kiharusi au shambulio la moyo. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia watu zaidi ya 20,000 wenye hatari kubwa ulionyesha kwamba simvastatini ilipunguza matukio hayo kwa karibu robo, na faida ilikuwa ileile hata kwa walioanza na kolesteroli ya chini. Mwaka 2016 utafiti wa HOPE-3, wenye watu zaidi ya 12,000 kutoka nchi 21, haukumchagua mshiriki kwa namba ya kolesteroli yake. Waliopewa statini pamoja na dawa mbili za presha walipata matukio pungufu kwa asilimia 29. Kama mkulima wetu angepimwa akakutwa na kolesteroli ya kawaida, bado angefaa kupewa statini, na akikutwa nayo juu, angepewa statini hiyohiyo. Kipimo ambacho majibu yake yote yanaelekeza kwenye dawa moja hakistahili kumzuia mtu mlangoni.

Tena Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikwisha kuliona hilo. Majedwali yake ya hatari ya mwaka 2019 yana toleo lisilohitaji maabara: umri, jinsia, uvutaji sigara, presha, na uwiano wa uzito na urefu. Vyote hivyo vinapatikana zahanati kwa mashine ya presha, mizani na futi. Mwongozo wake wa presha wa mwaka 2021 unasema vipimo vya maabara vifanyike pale tu visipochelewesha kuanza dawa. Sielewi ni kwa ujasiri gani mtu anaendelea kudai usahihi ambao waliotunga kanuni wenyewe wameuacha, huku gharama yake ikibebwa na anayepanda gari kutoka kijijini.

Suala la kujaribu kila dawa kwa zamu nalo lina jibu. Mapitio ya mwaka 2003 ya majaribio 354 yalionyesha kwamba nusu ya dozi ya kawaida hubakiza takriban asilimia 80 ya nguvu ya kushusha presha, huku madhara yakipungua sana. Dawa tatu kwa nusu dozi hushusha presha kuliko moja kwa dozi kamili, na madhara yake ni machache. Presha ikibaki juu, amlodipini inaongezwa pembeni na kidonge mseto kinaendelea.

Na vijijini jambo hili limeshajaribiwa. Katika jimbo la Golestan, Irani, watu wapatao 6,800 wa vijiji 236 walifuatiliwa kwa miaka mitano. Waliopewa kidonge mseto, kilichokuwa na aspirini, walipata matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 5.9, wenzao waliopewa mafunzo ya afya peke yake kwa asilimia 8.8. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliounganisha majaribio matatu makubwa ulikuta kwamba hata bila aspirini matukio yalipungua kwa karibu theluthi. Tanzania ilikuwamo katika mojawapo ya majaribio hayo, TIPS-3. Watu wetu wamechangia ushahidi. Sasa wanaambiwa wasubiri maabara.

Wapo wanaosema dawa itawafanya watu wapuuze chumvi na sigara. Chumvi na sigara vipigwe vita, na dawa itolewe; hakuna kinachozuia kingine. Wapo wanaosema wahudumu wa zahanati hawawezi. Wahudumu hao ndio wanaotoa dawa mseto ya malaria, na kidonge kimoja chenye dawa tatu za virusi vya UKIMWI ndicho kilichorahisisha tiba hiyo mpaka vijijini. Ruvuma, kwa hakika, haipaswi kusikia hoja hii: mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mkoa huu mwaka 2003, kwa kuwafundisha wauzaji wasio wafamasia na kuwapa orodha fupi yenye masharti.

Masharti yanahitajika hapa pia. Kidonge kiwe na amlodipini, losatani na atovastatini. Kundi la enalapril liepukwe, kwa kuwa huleta kikohozi na uvimbe wa midomo na koo, na uvimbe huo huwapata zaidi watu weusi. Simvastatini haifai kwa wanaotumia dawa za UKIMWI zenye ritonavia, kwa kuwa inaweza kuharibu misuli. Aspirini ibaki kwa waliokwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha damu kuganda, maana kwa wengine huongeza hatari ya kuvuja damu. Kidonge kianzie miaka 50, ili wanawake wanaoweza kushika mimba wasiguswe na losatani. Mwenye miguu kuvimba au ugonjwa wa figo unaojulikana apelekwe hospitali kabla ya kuanza. Na Wizara ya Afya inapopitia orodha ya taifa ya dawa muhimu, kidonge hiki kiandikwe kwa ngazi ya zahanati. Kikiandikwa kwa ngazi ya hospitali ya mkoa, mkulima wa Namtumbo atakuwa bado anatafuta nauli ya kwenda Songea.